Jinsi nilivyofanya mafundo ya makrame yakae sawa na kining'inizo cha maua kisipinde

Nataka nieleze kitu kimoja tu kwenye makrame, ile kazi ya kusuka kamba kwa mafundo, nacho ni lile fundo la mraba kwenye kining'inizo cha chungu, maana hapo ndipo kazi inapoharibika hata kama fundo lenyewe unalijua vizuri. Fundo moja likiwa limekaza na lingine limelegea hulioni sana, lakini yakishakuwa ishirini yamepangana, na miguu ya kamba inayobeba chungu iko minne, mguu mmoja unakuwa mrefu kuliko mwenzake na chungu kinakaa upande. Hapo ukimwagilia maji yanakimbilia pembeni na udongo unalowa nusu.

Kazi ninayoielezea ni ile ya kawaida kabisa: pete moja juu, kamba 8 za pamba za milimita 5, kila moja mita 5, zinapitishwa kwenye pete na kukunjwa katikati kwa hiyo chini zinaning'inia nyuzi 16, unazigawa nne nne unapata miguu minne. Kila mguu una nyuzi mbili za kati ambazo zinakaa tu, na mbili za pembeni ambazo ndizo zinazofunga. Hizo za pembeni zinaliwa haraka sana, kwa kila sentimita moja ya mguu zinatumia kama nne au tano, ndo maana usikate kamba kwa kubana.

Kitu cha kwanza kilichobadilisha kazi yangu ni kuzikaza za kati. Watu wengi wanahangaika na mikono inayofunga, wanavuta huku wanavuta kule, kumbe nyuzi za kati zinaning'inia zimelegea na kila unapovuta za pembeni zile za kati zinajikunja kulifuata fundo, fundo la kwanza linaelekea kushoto kidogo, la pili kulia, ukitazama mguu mzima umepinda kama nyoka. Mimi sasa pete naitundika kwenye ndoano isiyozunguka, usawa wa kifua, halafu zile mbili za kati nazifunga pamoja huku chini na kuzibana kwenye mkanda wa suruali, kisha narudi nyuma kidogo mpaka zinyooke. Zikinyooka, za pembeni zinazungukia kitu kilichosimama wima na fundo halina pa kwenda. Kama huna mkanda unaweza ukazifunga kwenye kitu kizito au ukazibana na goti, ilimradi zisilegee wakati unavuta.

Halafu kuvuta. Vuta mikono yote miwili kwa wakati mmoja, kwenda pembeni, mikono ikiwa usawa mmoja. Ukivuta kuelekea chini fundo linakaa mbali na lenzake na unabaki na uwazi katikati, ukivuta kuelekea juu linabanana na la juu yake mpaka linatuna. Na kwa sisi tunaotumia mkono wa kulia, mkono huo una nguvu zaidi kwa hiyo fundo linaegemea upande mmoja bila wewe kujua, unaliona ukitazama kitanzi cha pembeni, cha upande mmoja kinakuwa kikubwa kuliko cha upande wa pili. Dawa yake ni kusimama kabla ya kukaza mwisho, unaangalia vitanzi viwili viko sawa, ndio unamalizia kuvuta. Ile nusu ya kwanza naisogeza tu mpaka iguse fundo la juu, siibani, nusu ya pili ndiyo inayofunga.

Kuhusu nusu hizo, kuna alama ambayo inakuokoa usichanganye. Fundo la mraba lina nusu mbili, ukirudia nusu ile ile mara mbili mguu unaanza kujizungusha, na kwenye kining'inizo mguu mmoja ukijizungusha wenzake wamenyooka inaonekana mpaka ukiwa mlangoni. Sasa tazama: ukianza na uzi wa kushoto kuupitisha mbele ya zile za kati, uzi huo unaishia kulia, na kwenye nusu ya pili ni huo huo unaorudi mbele kwenda kushoto. Yani mbele anapita mmoja tu, siku zote, yule mwingine kazi yake ni kupita nyuma. Basi mimi ule wa mbele naubana kibanio kidogo cha nguo mwishoni, simu ikiita nikaacha kazi nikirudi najua nianze na upi, wenye kibanio ukiwa kushoto naanza fundo jipya, ukiwa kulia namalizia nusu iliyobaki. Na fundo likikamilika linaacha kinundu cha wima upande ule ulioanzia, kwa hiyo ukianza kushoto vinundu vyote vinapangana kushoto, kinundu kimoja fundo moja, hata kuhesabu unahesabu hivyo. Ukiona kinundu kimetokea kulia peke yake, fungua hapo hapo.

Ila hata ukifanya yote hayo bado miguu inaweza kutolingana, na hili ndo lilinisumbua zaidi mpaka nikaelewa chanzo chake. Nilikuwa namaliza mguu wa kwanza wote, mafundo 20, halafu wa pili, wa tatu, wa nne. Hesabu sawasawa, mafundo 20 kila mguu, lakini ukipima wa kwanza una sentimita 21 na nusu na wa nne una 20. Mkono unabadilika ukiwa kazini, mwanzoni unavuta kwa upole, ukishazoea unakaza zaidi, na ukichoka unalegeza tena, kwa hiyo kila mguu unabeba hali ya mkono wa saa hiyo. Kuhesabu mafundo peke yake hakutoshi.

Sasa nafanya kwa mzunguko. Mafundo matano mguu wa kwanza, matano wa pili, matano wa tatu, matano wa nne, ndio narudi tena wa kwanza. Hali ya mkono inagawanyika kwa miguu yote. Na kila mzunguko ukiisha nakusanya miguu yote minne pamoja, naivuta chini kidogo na kutazama fundo la mwisho la kila mguu kama yamelingana. Mmoja ukizidi milimita tatu au nne, nashika zile za kati kwa mkono mmoja nazikaza, mkono mwingine nayasukuma mafundo juu taratibu kuanzia chini, yanateleza na kubanana mpaka mguu unalingana na wenzake. Ukiwa mfupi nayashusha vivyo hivyo. Hii inawezekana kama mafundo hayakubanwa kupita kiasi, na ndicho kipimo changu cha ukazaji, fundo liwe limekaa imara lakini ukilisukuma kwa nguvu kidogo lisogee juu ya nyuzi za kati. Likigoma kabisa umebana mno.

Upana pia naupima. Nachukua kipande cha kadibodi, nakata mfereji wenye upana wa fundo moja nililoridhika nalo, halafu kila baada ya mafundo machache napitisha. Likipwaya ujue nimekaza sana, likikwama ujue limelegea. Macho yanazoea makosa polepole, kadibodi haizoei.

Miguu ikiisha inakuja sehemu ya wavu wa kubebea chungu, na hapa watu wanapima kutoka pale fundo la mwisho la mguu lilipoishia. Mimi napima kutoka kwenye pete. Kama mguu mmoja ulizidi milimita mbili na wewe ukapima kutoka hapo, kosa linashuka na wewe mpaka chini, lakini ukipima kutoka kwenye pete kila fundo linajitegemea. Kwa kazi hii miguu iliishia sentimita 21, nikataka uwazi wa 13, kwa hiyo fundo jipya linaanza sentimita 34 kutoka kwenye pete pande zote nne, na hiyo sehemu naiwekea alama ya uzi wa rangi kabla sijafunga chochote. Unachukua nyuzi mbili za kulia za mguu wa kwanza na mbili za kushoto za mguu wa pili, unafunga fundo moja la mraba, unazunguka hivyo mpaka mguu wa nne ukutane na wa kwanza. Ukizipanga bila kuzivusha utaona zile zilizokuwa za pembeni sasa zimekuja katikati, na zile za kati ambazo bado ni ndefu ndizo zinafunga, kwa hiyo urefu unajisawazisha wenyewe. Kabla ya kufunga zivute zote nne ziwe na mkazo mmoja, maana mmoja ukilegea utauona umeshuka kama tumbo kwenye uwazi ule, na ukishafunga unaweza bado kuuvuta kutoka chini ya fundo ukanyooka. Sentimita 10 chini yake narudia safu ya pili, nyuzi zinarudi kwa wenzake wa mwanzo.

Mwisho wa chini, pale nyuzi zote 16 zinapokusanyika, usipafunge moja kwa moja. Nazungushia kamba ya muda tu, nafunga kwa nguvu, halafu naweka bakuli lenye ukubwa wa chungu na maji nusu. Maji hayadanganyi, yakiwa karibu na mdomo upande mmoja ujue upande huo uko chini, nyuzi zake ni ndefu kuliko zingine. Nalegeza ile kamba ya muda, nazivuta nyuzi za upande huo kwenda chini nusu sentimita hivi, nabana tena, natazama maji. Yakishalingana naweka chungu chenyewe na udongo uliolowa naacha usiku mzima, kwa sababu pamba inanyooka ikibeba uzito na haitanyooka sawa kila uzi, hasa pale ambapo mafundo hayajabanana vizuri. Asubuhi nairudisha bakuli ya maji, mara nyingi kuna upande unahitaji kuvutwa kidogo tena.

Hapo ndipo nachukua kipande cha kamba kama mita moja, nazungushia nyuzi zote 16 mizunguko saba au nane iliyobanana, mwisho wake napitisha kwenye kitanzi nilichoacha chini na kuuvuta ndani kutoka juu mpaka ujifiche, ile kamba ya muda naitoa, na mkia naukata sentimita 25 kutoka hapo.