Barua ya Sajini Taji

Barua ya kwanza niliiandika kwa mkono, nikampelekea kijana wa stesheneri pale Gongo la Mboto anichapie. Ilikuwa mwaka 2017, miezi minne tangu nikabidhi vifaa vya jeshi na kurudi uraiani nikiwa Sajini Taji. Alipofika aya ya pili aliacha kuchapa, akanigeukia: "Mzee, samahani, Sajini Taji na Koplo nani mkubwa?" Nikacheka sana. Swali lile ningelitilia maanani, nisingepoteza wiki sita.

Kazi niliyoomba ilikuwa ya meneja wa ulinzi katika kampuni inayotunza bidhaa za wafanyabiashara kwenye maghala kando ya Barabara ya Nyerere. Tangazo lilitolewa na wakala wa ajira, kwa hiyo barua ilikwenda kwake. Ilianza kama zinavyoanza barua zote: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Baada ya hapo nikamwaga kila kitu: cheo, miaka ya utumishi, kozi zote kwa mpangilio wa tarehe, medali ya Umoja wa Mataifa niliyovishwa Darfur, kwamba niliwahi kuwa mkuu wa bohari ya kombania na kamanda wa gadi. Nikamalizia kwa kusema mimi ni mtu mwenye nidhamu, uzalendo na uvumilivu, tayari kutumwa popote. Niliisoma mara mbili nikaona imekaa sawasawa. Ndivyo tulivyokuwa tukiandika.

Baada ya wiki sita simu ililia. Sauti ya dada, kijana kabisa.

"Shikamoo baba. Napiga kuhusu barua yako ya maombi."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, hapa mezani nina barua nyingi za wastaafu wa majeshi. Zote zina nidhamu." Alisema bila kejeli, kama mtu anayesoma mizani. "Naomba nikuulize vitu vidogo tu. Ulikuwa na watu wangapi chini yako?"

"Kombania."

"Kombania ni watu wangapi?"

Nilinyamaza kidogo. Katika utumishi wangu wote hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia ni zaidi ya mia.

"Na wote hao walikuwa wanapokea amri yako?"

Hapo ikabidi niseme kweli. Kombania ina kamanda wake, ambaye ni afisa. Mimi nilikuwa natunza mali zao: redio, mahema, mablanketi, viatu, sufuria. Waliokuwa chini yangu moja kwa moja, wa kupangiwa kazi na kuombewa likizo na mimi, walikuwa watano.

"Basi hiyo ndiyo uniandikie. Watano, na mali za watu mia. Mimi nikimpelekea mteja neno 'kombania' ataniuliza swali hilihilo, na sitakuwa na jibu."

Nikamweleza kuwa kuna mambo siwezi kuyaandika: aina ya silaha, idadi yake, zilikowekwa. Akasema hayahitaji. "Usinitajie ulichokuwa unahesabu. Niambie ulihesabu mara ngapi, ulimkabidhi nani, na siku hesabu ilipokataa ulifanya nini."

Usiku ule nilichukua daftari la mwanangu la shule nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto niliandika jina la kazi kama jeshi linavyoiita. Kulia niliandika mikono yangu ilikuwa inafanya nini saa ile. "Kamanda wa gadi" kulia ikawa: napanga malindo, napanga zamu za kubadilishana, naamka usiku saa ambayo hakuna anayeitarajia nikague kama mlinzi yuko macho, naandika matukio kwenye kitabu, asubuhi namkabidhi mwenzangu kwa saini. Maneno hayo hata mke wangu aliyaelewa. Kozi ya medani, iliyonitesa wiki nyingi porini, upande wa kulia haikupata kitu. Medali nayo haikupata, ila chini yake nilikumbuka kazi yenyewe: kusindikiza misafara ya malori, kukagua njia kabla, kupanga pa kusimama, kujua lori lililoharibika linaachwa na nani. Kwa kampuni yenye malori hilo lilikuwa na uzito kuliko chuma cha kifuani. Nikaandika mstari mmoja, basi. Mambo mengine ya Darfur ni ya kukaa nayo mwenyewe. Nilikuwa nimesharudi Julai 2013 wenzetu saba walipouawa kule, na nisingeyaweka mambo hayo kwenye maombi ya kazi.

Kulikuwa na swali lake moja lililonikwaza: siku hesabu ilipokataa. Nililijua jibu, ila sikutaka kulitoa, kwa sababu ni habari ya wizi uliofanyika chini ya pua yangu, na nilikemewa kwa ajili yake.

Ilikuwa hivi. Kila kitu cha bohari kina kadi yake. Kikiingia unaandika, kikitoka anayekichukua anasaini, na salio la kadi lazima lilingane na kilichopo rafuni. Mwisho wa mwezi ule nilihesabu betri za redio, rafu na kadi vikakubaliana kabisa. Mtu mvivu angefunga daftari hapo. Lakini betri mpya tulikuwa tunazitoa kwa sharti: lete kuukuu ndipo upewe mpya. Nilipohesabu zile kuukuu kwenye sanduku zilipungua nne. Kwa hiyo kuna mpya nne zilizotoka bila kuukuu kurudi. Nikapitia kadi mstari kwa mstari, nikakuta betri nne zimechukuliwa siku moja na Koplo wa seksheni fulani, saini yake hii hapa. Nikamwita. Akaapa hakuchukua. Badala ya kubishana naye nilikwenda ofisi ya kombania kuomba daftari la likizo. Siku ile Koplo alikuwa kwao Singida, siku ya tisa ya likizo yake.

Saini ilikuwa ya kughushi, na aliyeghushi alikuwa mmoja wa wale watano wangu. Kuhesabu peke yake kusingemkamata kamwe, maana alikuwa anaiba mali pamoja na karatasi yake. Alikamatwa na vitabu viwili ambavyo havikuwa vimewahi kukaa meza moja. Tangu mwezi ule, kila nilipofunga hesabu nilichukua saini kumi bila kuchagua nikazilinganisha na daftari la likizo na la wagonjwa.

Nilimpigia yule dada nikamwuliza kama niandike jambo la aibu namna hii. Akakaa kimya kidogo. "Baba, kwa mwenye ghala, mali nyingi haipiti ukutani. Inapita getini, mchana, na karatasi yake. Andika."

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Sehemu yake ya katikati ninayo mpaka leo:

"Kwa miaka sita nilitunza bohari iliyohudumia watu zaidi ya 100. Sikuwaongoza hao 100. Niliwajibika kwa vitu walivyosaini. Niliongoza wasaidizi 5 moja kwa moja. Vifaa vikuu vilihesabiwa kila vilipotoka na kurudi, vingine kila mwezi, na makabidhiano yote yalikuwa kwa maandishi. Niligundua upotevu wa betri 4 ambao kadi za bohari zilikuwa zimeuficha, kwa kulinganisha saini na daftari la likizo. Baada ya hapo nililinganisha saini 10 kila mwezi. Cheo changu cha mwisho, Sajini Taji, kiko juu ya Sajini na chini ya Afisa Mteule. Ni cheo cha msimamizi anayekaa kati ya askari na maafisa. Sijawahi kusimamia bajeti ya mishahara. Kamera za ulinzi nimeziona lakini sijazitumia."

Sentensi mbili za mwisho niliziandika mwenyewe bila kuambiwa. Kijana wa stesheneri alinionea huruma, akauliza kama kweli niziache. Nikamwambia aziache.

Nikaitwa kwenye usaili. Walikuwapo yule dada wa wakala, na meneja wa uendeshaji wa kampuni, mama wa makamo mwenye kalamu mbili kifuani. Aliuliza habari ya betri kwa dakika kumi nzima. Cheo hakukigusa. Kisha akasukuma karatasi mbele yangu.

"Nina malindo sita, saa 24, siku zote za wiki. Nahitaji walinzi wangapi?"

Hilo nilikuwa nalo kichwani tangu ukuruta. Lindo moja watu watatu: saa mbili lindoni, saa nne kupumzika, mzunguko unaendelea. Sita mara tatu. "Kumi na wanane," nikasema, na nadhani nilikaa wima kidogo.

Akatabasamu. "Aliyekutangulia naye alikuwa afande. Alituachia 18."

Nikaiangalia karatasi. Jibu lilikuwa sahihi, ila kwa nchi nyingine. Kambini askari halipwi saa za ziada, na hata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yenyewe inasema haiwahusu wanajeshi. Uraiani inakuhusu mpaka kwenye usingizi. Wiki ina saa 168. Ukiligawa lindo kwa watu watatu, kila mmoja anafanya kazi saa 56, wakati saa za kawaida kisheria ni 45. Zinazozidi unalipa mara moja na nusu, na saa za usiku, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, zina nyongeza ya asilimia 5. Baya zaidi ni kwamba watatu wakigawana siku saa nane nane, hakuna anayepata siku ya mapumziko ya wiki. Akiugua mmoja, wawili wanabaki na saa kumi na mbili kila mmoja, na huo ndio ukomo wa siku. Mtu wa namna hiyo saa tisa usiku utamkuta amelala, na utamwadhibu kwa kosa la aliyepanga zamu.

Nikamwomba kalamu. Malindo sita ni saa 1,008 kwa wiki. Gawanya kwa 45 unapata 22 na nukta nne. Kila mtu ana likizo ya siku 28 kwa mwaka, yaani katika wiki 52 unampata kwa 48. Ikafika 24 na kidogo, yaani 25. Nikaongeza mmoja wa misiba na magonjwa, nikaandika 26, nikapigia mstari.

Mama aliitazama kwa muda. Akaniuliza hao wanane wa ziada atawatoa wapi.

Nikamwambia kabla ya kumjibu naomba nione daftari la likizo la hao 18 waliopo. Akamtazama yule dada, akanitazama mimi, akasema halipo.