Siku moja ya fundi mwashi Mishomoroni, Mombasa: kumfunza kijana kuupima mchanga kwa mkono

Saa 1:15 asubuhi. Lori la mchanga wa mto limeingia. Plasta ya ndani inaanza leo, na uamuzi ni kabla dereva hajainua bodi. Mchanga ukishamwagwa, umeshaununua.

Kijana amepanda, akachota wa juu. "Mzee, huu ni msafi."

"Wa juu umepeperushwa vumbi na upepo wa njiani, mwanangu. Chimba mpaka kiwiko kizame, pembe mbili na katikati."

Akaleta konzi tatu. Mchanga wa kupimwa uwe na unyevu kidogo. Ukiwa mkavu nyunyizia maji, lakini usichuruzike. Fumba ngumi kwa nguvu, kisha fumbua. Wanagenzi wengi hukosea hapa, kwa kutazama donge peke yake. Unyevu hushikanisha hata mchanga safi, kwa hivyo liguse donge kwa kidole. Mchanga mzuri unameguka papo hapo, na ukikung'uta mkono, punje zote zinapukutika. Wenye udongo unabaki na alama za vidole, na rangi inaganda kwenye mistari ya kiganja.

Konzi ya pembeni ilimeguka. Ya katikati ilibaki donge, kiganja kikawa chekundu. Nikamwambia asugue nyingine kati ya kidole gumba na cha shahada, karibu na sikio. Punje safi zinakwaruza na sauti inasikika. Huu uliteleza kama unga wa muhogo.

Saa 2:00. Dereva ana haraka, nasi tushaamua: hauingii kwenye plasta. Udongo huo unazivika punje utando, simiti ikashika utando badala ya punje. Tena unakunywa maji. Fundi anaona mchanganyiko mgumu, anaongeza maji, na plasta ikikauka inasinyaa na kupasuka nyufa nyembamba kila upande. Ukiigonga kwa vifundo vya vidole inalia mvungu.

Mwenye lori alikubali kuumwaga kwa bei ya kifusi, utumike kujazia chini ya sakafu ya baraza. Kazi hiyo unaiweza ukishindiliwa vizuri.

Kabla lori halijaondoka, kijana ameweka sampuli kwenye chupa ya kioo yenye ubavu ulionyooka: mchanga mpaka nusu, kisha maji yaliyotiwa chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, mpaka robo tatu. Chumvi inasaidia udongo kushuka upesi. Akatikisa kwa nguvu, akaipigapiga ubavuni ili mchanga ukae sawa, akaiweka kivulini. Haiguswi kwa saa 3. Lori haliwezi kungoja muda wote huo, ndiyo maana mkono lazima ujue kwanza. Chupa inausahihisha mkono.

Saa 4:00. Chai na mahamri. Mwenye nyumba ameleta magunia ya mchanga mweupe, anataka utumike kwenye linta. Kijana ameufumba: unameguka, kiganja kisafi, unakwaruza. "Huu ndio, Mzee."

Hapo ngumi imefika mwisho wake. Nilimwonyesha vipande vya kombe, dalili ya mchanga wa baharini, nikamwambia akoroge konzi moja kwenye nusu gilasi ya maji ya kunywa, yakitulia achovye kidole na kugusa ulimi. Alikunja uso. Chumvi hiyo inakula nondo ndani ya zege. Nondo ikishika kutu inavimba na kuipasua linta kutoka ndani. Kwenye plasta inatoka nje kama unga mweupe na kuibandua rangi. Mwenye nyumba alishauri tuuoshe kwa maji ya kisima. Visima vingi vya hapa vina chumvi, na kuosha kwa maji hayo ni kazi bure. Magunia yamewekwa kando.

Saa 5:15. Chupa imetulia. Mchanga una milimita 90, tope la juu 11. Gawanya 11 kwa 90, unapata kama asilimia 12. Ukishapita asilimia 8, mimi siupokei. Kijana alikuwa amekisia "udongo kidogo". Nimemwambia aichote tena ile ya katikati, aifumbe huku akiitazama chupa, ili kiganja kijue asilimia 12 inavyokaa.

Saa 8:00 mchana. Lori la pili. Safari hii nimebaki chini. Amechimba mwenyewe, amefumba, amesugua, ameonja maji. "Punje ni kubwa, Mzee, lakini mkono umebaki msafi na hakuna chumvi." Ukubwa si kasoro, chekecheke inatosha. Ukamwagwa. Tunachanganya 1 kwa 4: mfuko mmoja wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hivyo mchanga uliochekechwa ni wilbaro mbili za kawaida, zilizosawazishwa juu kwa ubao.

Saa 10:30 jioni. Ukuta wa chumba cha kwanza umepigwa ubao. Chupa ya mchanga wa pili iko dirishani, nayo tutaisoma kesho kabla ya kukoroga tena.