Mwana alipomjibia mama yake, nami nikaharibu tafsiri

Sisi wakalimani wa hospitali tunafundishwa kusema kwa nafsi ya kwanza. Mgonjwa akisema "kichwa kinaniuma", namwambia daktari "kichwa kinaniuma". Hapo wao wanazungumza wenyewe, mimi nabaki sauti. Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mgonjwa alikuwa mama mtu mzima mwenye presha, ameletwa na mwanawe. Daktari akauliza kama anameza dawa kila siku. Mama hajafungua mdomo, kijana akadakia: "Anameza kila siku, mimi ndiye ninayemhesabia." Nami kwa mazoea nikasema, "Ndiyo, nameza kila siku." Daktari, macho kwenye kompyuta, akaandika. Maswali matatu yakapita hivyo. Nilizinduka aliposema kwamba presha iko 170 kwa 100 na dawa zinamezwa vizuri, kwa hiyo anaongeza dozi.

Nikainua mkono. "Mkalimani anaomba kurekebisha: majibu matatu yaliyopita ni ya mwana, si ya mgonjwa." Nikarudia maneno hayo kwa lugha ya mama, asije akadhani tunamteta.

Daktari akageuza kiti, akamuuliza mama upya. Kijana akaanza tena. Safari hii nikasema, "Mwanawe anasema kwamba anameza." Sikumkatiza wala kumwomba anyamaze, ingawa ulimi uliniwasha. Kumzuia au kumtoa si kazi ya mkalimani. Hilo ni la daktari na mgonjwa. Daktari akamwambia, "Nitakusikiliza, kijana. Kwanza nimsikie mama." Nikalifikisha lilivyo.

Mama akakaa kimya kidogo. Kisha, kwa sauti ya chini: "Nakata nusu. Kizima kinanipa kizunguzungu nikiinuka."

Kijana akaniinamia. "Dada, hilo usimwambie."

Nikayatafsiri yote mawili, la mama na la kijana. Alininunia mpaka mwisho, na sikumlaumu, kwa sababu sikuwa nimemwonya. Siku hizi kabla ya swali la kwanza nasema mbele ya wote: kila kinachosemwa humu nitakitafsiri, na hakitatoka nje. Tena nakaa ubavuni mwa mgonjwa, nyuma kidogo, ili daktari akitafuta uso wa kumwangalia aupate wake.

Daktari alimpima mama ameketi, kisha amesimama. Presha ilishuka sana aliposimama. Dozi haikuongezwa, dawa ikabadilishwa. Alipomuuliza kama angependa mwanawe asubiri nje, mama alisema abaki, maana yeye ndiye anayesoma maandishi ya kwenye pakiti.

Kwenye korido mama akanishika mkono. "Mwanangu, hivi wewe ungekimeza kizima?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikamwambia, "Mama, hilo turudi tukamuulize daktari," tukageuka, nikagonga mlango.