Namba 8 imekuwa 4: kumbukumbu ya mradi wa jezi

Hatimaye namba 4 imekaa mgongoni kana kwamba ilichapwa pamoja na jezi. Picha ya mfano ya jezi ya timu ya mtaa wetu hapa Kirumba ilinifikia ikiwa JPEG isiyo na leya, yenye namba 8 nyeupe iliyozungushiwa mstari wa bluu juu ya kitambaa cha njano chenye vitundu. Kuifuta 8 kwa Clone Stamp ya Photoshop kulikwenda vizuri, mradi safu za vitundu zilingane. Kilichonisumbua ni mstari ule wa bluu.

Namba 8 ina mikunjo ya duara tu, kwa hiyo haionyeshi pembe za mstari zilivyo, ilhali 4 imejaa pembe kali. Jibu nililipata kwenye herufi za jina la mchezaji zilizo juu yake, kwani ncha ya A ilikuwa imechongoka. Stroke ya Layer Style ikiwekwa Outside huviringisha pembe, hivyo niliigeuza namba kuwa umbo kwa Convert to Shape, nikaupa mstari wa umbo lenyewe pembe za Miter.

Hata hivyo mstari ulibaki na unene uleule kila mahali, wakati kwenye picha ya awali ulikuwa pikseli 9 palipo tambarare na 6 hivi ndani ya kunjo. Sababu ni kwamba Layer Style huchorwa upya baada ya namba kupindishwa kwa kichujio cha Displace ili ifuate mikunjo ya kitambaa, nayo hufuata ukingo mpya. Mstari ukiwa sehemu ya umbo, na vyote vikafungwa ndani ya Smart Object kabla ya Displace, hubanwa pamoja na namba.

Displace nayo ilikataa kwa muda mrefu. Mguu wa 4 ulikuwa na uvimbe mahali pasipo na kunjo lolote, nao ulifuata kabisa ukingo wa 8 iliyofutwa. Ramani ya kijivu inayoiongoza Displace ilikuwa imetokana na picha ya awali, na kwa kuwa Displace husoma mwanga tu, weupe wa 8 ulihesabiwa kuwa mwinuko. Ramani mpya ya PSD niliitoa kwenye kitambaa kilichosafishwa, nikaitia ukungu kidogo ili vitundu visikwaruze kingo, na uvimbe ukatoweka.

Vitundu vilionekana hata ndani ya weupe wa 8, ishara kwamba namba ilichapwa ndani ya kitambaa, kwa sababu namba ya kubandika kwa pasi ingeviziba. Nilinakili kitambaa safi, nikakiondoa rangi, nikakipitisha High Pass ya pikseli 2 na kukiweka juu ya namba kwa Linear Light. Vivuli vya mikunjo vikafuata kwa Multiply.

GIMP 3.0 ya mwaka 2025 inaruhusu vichujio kurekebishwa baadaye, na kwa asiyetaka kulipia programu ningeipendekeza bila kusita, ingawa kwa kazi hii Smart Object bado inanifaa zaidi. Namba ndogo ya kifuani nimeiweka kando kwanza, maana sasa natengeneza faili moja ambamo namba ya kila mchezaji itabadilishwa kwa kufungua Smart Object, kuchora umbo jipya na kuhifadhi.