Bibi hakumfokea mjukuu wake

Jumamosi mama mkwe aliniuliza, mbele ya wageni, kwa nini mama yangu anamfokea mtoto siku yake ya kuzaliwa. Aliuliza kwa upole kabisa, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Mama yangu, wa Muheza, aliyemtafuta mtu wa kumletea kadi kutoka Dar, akaiandika kwa mkono wake, akampa msafiri aje nayo mpaka Leipzig, huku Ujerumani! Leo anaonekana mkali.

Nilipoisoma tafsiri aliyoshika nikaelewa. Mke wangu alitaka mambo yawe tayari mapema, nami nilikuwa zamu ya usiku, basi akamwomba kijana mmoja wa kwetu anayesoma hapa amtafsirie. Kijana alitafsiri karibu neno kwa neno, bila kuruka hata moja. Kadi ya mama inasema hivi:

"Kwa mume wangu mpenzi. Leo umetimiza miaka saba, hongera sana kwa kukua. Mungu akulinde, uwe mtoto mwema. Wasikilize wazazi wako, soma kwa bidii, usinisahau. Mwambie baba yako akulete nikuone kabla sijafa. Nakupenda sana. Ni mimi bibi yako."

Niambieni, nani kati yetu hakulelewa na maneno haya haya? Kijerumani cha kijana kilianza na "Mein lieber Ehemann", yaani mume wa ndoa, wa cheti. Kisha amri tatu zikafuatana kama kwaride: watii wazazi, jifunze kwa bidii, usinisahau. Kisha kifo. Mtoto wa miaka saba anasomewa kifo kati ya keki na mishumaa. Mama mkwe hakuwa na kosa. Karatasi aliyoshika ilikuwa inafoka kweli.

Nikakaa jikoni na kalamu. Mwenye mtoto huku atakutana na kazi hii tu, kwa hiyo naeleza nilivyoifanya.

Nilianza na mume, kwa sababu ndilo neno nililoogopa kulipoteza. Utani wa bibi na mjukuu haupo hapa. Mjerumani akisikia bikizee anamwita mtoto mume, anatafuta wa kumpigia simu. Mke wangu alitaka tuandike "mjukuu wangu" yaishe. Nikakataa, maana huo utani ndio upendo wenyewe, mama hajawahi kumwita mtoto huyu kwa jina tangu azaliwe. Bahati nzuri Kijerumani kina mlango mdogo. Neno "Mann" ni mwanamume, na pia ndilo mke analolitumia akisema mume wangu. Ukiandika "mein kleiner Mann", akina mama wengi wa hapa huwaita hivyo wana wao wadogo, hakuna anayeshtuka. Na mtoto akikua akajua desturi zetu, ataukuta utani wa bibi yake bado umo.

Amri nazo. Kwetu "soma kwa bidii" ni dua iliyovaa nguo za agizo. Mtu asiyekupenda hajishughulishi kukuusia. Kijerumani hakikatazi kuusia, ila kina vineno vidogo vya kulainisha, na mtu aliyejifunza lugha darasani huviruka kwa sababu ni vigumu kuvielewa kwa kamusi. "Lerne fleißig" ni sauti ya mwalimu mkuu. "Lern schön" ni sauti ya bibi. Maana ni ile ile. Neno la kutii nikaliondoa, nikaweka "hör auf Mama und Papa", wasikilize, ambalo ndilo mama aliloandika tangu mwanzo. Kijana ndiye aliyepandisha sikiliza ikawa tii.

Halafu Mungu. Shemeji yangu alishauri tumwache nje, nyumba nyingi za huku hazimtaji. Nilisema hapana. Kadi ni ya mama, na mama hawezi kumtakia mtu heri bila Mungu. Tafsiri inaweza kulainisha sauti, lakini haina ruhusa ya kumgeuza mtu imani.

Sehemu ngumu ilikuwa "kabla sijafa". Nilizunguka nayo usiku mzima. Kwetu wazee husema hivyo hata wakiomba sukari, hakuna anayelia. Mtoto aliyekulia hapa atauliza bibi anakufa lini, na atauliza kila jioni. Nilipoisoma tena nikaona kwamba sentensi hiyo hakuandikiwa mtoto. Mama ananisema mimi, kupitia kwa mtoto, kama wazee wetu wanavyofanya wakiwa hawataki kukusema usoni. Kwa mtoto nikaandika kwamba bibi anatamani kumwona, amwambie baba. Kifo kimebaki kwenye kadi yenyewe, kwa mkono wa mama, nami nimekisoma.

Jambo la mwisho ni "nakupenda". Kijana aliandika "Ich liebe dich". Wapo wanaomwambia mtoto hivyo, lakini zaidi ni neno la wapenzi. Katika familia husikika zaidi "Ich hab dich lieb", na mtoto wangu ndilo analosikia kila usiku akilala. Na sahihi nikaacha "Bibi". Oma, yaani bibi wa Kijerumani, anaye tayari, ndiye huyo mama mkwe, na mtoto anajua tofauti yao vizuri. Ikawa hivi:

"Mein lieber kleiner Mann, heute wirst du sieben! Ich freue mich so, dass du schon so groß bist. Gott passe auf dich auf. Hab ein gutes Herz, hör auf Mama und Papa und lern schön in der Schule. Und vergiss mich nicht! Ich möchte dich so gern bald sehen. Sag das Papa. Ich hab dich sehr lieb. Deine Bibi"

Sentensi ni fupi kwa makusudi, maana mtoto yuko darasa la kwanza na nilitaka aisome mwenyewe. Niliandika kwa herufi za chapa zilizoachana, kwenye karatasi ya pembeni, kadi ya mama nisiiguse. Mwandiko wake wa kuunganisha mtoto hawezi kuusoma bado, lakini siku yake itafika.

Mnaojiandaa kuja, msichanganye kazi hii na ile ya vyeti. Cheti cha kuzaliwa au cha ndoa ofisi za huku zinataka kitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, mwenye muhuri, na wengi huhesabu malipo kwa mstari. Bei yake ukiibadilisha kwa shilingi utakaa chini. Huko hakuna kuongeza wala kupunguza, hata jina lililokosewa herufi linabaki lilivyo. Kadi ya bibi haihitaji muhuri wa mtu, inahitaji anayemjua bibi. Na ikifika mapema ifiche: hapa kumpa mtu heri kabla ya siku yenyewe wanaona ni mkosi, wengine kwa utani, wengine kweli. Ikichelewa haina neno, wana salamu ya waliochelewa.

Nilimpa mama mkwe karatasi mpya Jumapili. Akasoma mara mbili, akauliza kama mama angependa na yeye amwandikie, kwa Kiswahili. Ameleta rasimu yake jana. Imeanza na "Mheshimiwa Bibi", na hakuna shikamoo, hakuna habari za nyumbani, anaingia moja kwa moja kwenye shukrani. Mama akiipata hivyo atauliza amemkosea nini. Leo usiku sina zamu, nitakaa nayo.