Nilivyoacha kutapika kwenye boti ya Kagunga

Nauza dawa Kigoma mjini, lakini kila nikipanda boti Kibirizi kwenda kwa wakwe Kagunga nilikuwa natapika mbele ya wateja wangu. Ushauri niliupata hadi kero: nusa ganda la limau, usile, jikaze. Nahodha tu ndiye alisema la maana: "Shemeji, tazama milima." Macho yakiona nchi kavu, yanakubaliana na sikio kwamba mwili unayumba.

Mwaka jana nikajitia utaalamu. Nikameza metoklopramidi miligramu 10. Hii hufunga vipokezi vya dopamini kwenye kieneo cha ubongo kinachoonja damu kutafuta sumu, na hulihimiza tumbo kusukuma chakula chini. Hatujafika hata Gombe, chai na maandazi vikarudi.

Safari ya pili nikaongeza ukali: ondansetroni, wanayopewa wagonjwa wa saratani wanapotumia dawa kali za kuua uvimbe. Kama inayaweza hayo, mawimbi ni nini? Nikakaa mbele kifua wazi. Saa moja baadaye nilikuwa nimeinamia ndoo mpya ya bibi mmoja, nayo haikuwa bado imelipiwa.

"Mwanangu," akauliza taratibu, "na hiyo dawa huwa unaiuza?"

Swali lile lilinirudisha kwenye madaftari ya chuo. Ondansetroni hufunga vipokezi vya serotonini, hasa kwenye ncha za neva zinazotoka utumbo kwenda ubongo. Sasa utumbo wangu haukuwa na kosa, wala damu haikuwa na sumu. Taarifa ilikuwa inatoka sikio la ndani, na njia hiyo kuelekea kituo cha kutapika hutumia histamini na asetilikolini. Nilikuwa nafunga milango miwili, mwizi anapitia wa tatu.

Dawa ya mlango huo nilikuwa nayo rafuni siku zote, promethazini, ile ya mzio ambayo wateja wanailalamikia usingizi. Inaingia ubongoni na kuziba vipokezi vya vyote viwili, histamini na asetilikolini. Mara ya kwanza niliimeza mate yamekwisha kunijaa mdomoni, kidonge kikatoka kizima, maana tumbo likishachafuka halipitishi kitu kwenda kwenye utumbo. Sasa nameza miligramu 25 usiku wa kuamkia safari. Mdomo unakauka, na usingizi wake si wa mtu wa kushika usukani, lakini mwezi wa saba ziwa limechafuka na mimi nimeamshwa Kagunga nikiwa na alama za gunia shavuni.

Bibi alikuwemo. Akaniomba kimoja cha mjukuu wake wa mwaka mmoja. Nikamkatalia: chini ya miaka miwili inaweza kumzuia mtoto kupumua. Akaniangalia, kisha akaisogeza ndoo yake mbali nami.