Chungwa lililogeuka limau

Hii ni ya kipindi kile nimeingia kwenye timu ndogo ya gemu, mi nipo upande wa shada, vile viprogramu vidogo vinavyopaka rangi na mwanga kwenye skrini, na kazi yangu ya kwanza ikawa lalamiko la mchoraji wetu. Gemu lenyewe lilikuwa la rangi bapa, kama limepakwa kwa maka, mtawa mwenye joho jeupe anatembea ndani ya pango lenye fuwele za rangi ya chungwa na taa za kuning'inia. Dada alichagua kila rangi kwa mkono wake, halafu anafungua gemu anakuta vitu vingine kabisa. Akanipigia: "Kaka, nilipaka chungwa, humu naona limau. Na huyu mtawa mbona anawaka kama balbu?"

Nikajua kabla hata sijafungua kodi kwamba hayo ni malalamiko mawili tofauti, ila kila mtu kwenye timu alikuwa anayatibu kwa dawa moja, yaani kupunguza blumu, ule mwanga unaosambaa pembeni ya kitu kinachowaka. Wakipunguza, mtawa anatulia lakini fuwele zinakufa. Wakiongeza, fuwele zinapata mwanga na joho linarudi kuwaka. Jamaa aliyekuwepo kabla yangu alikuwa amepanga hivi:

```
Scene (HDR) -> Tonemap -> LUT -> Bloom -> UI
```

Sasa angalia kinachotokea hapo. Picha ikitoka kwenye renda, mwanga hauna dari, ndo HDR hiyo. Joho jeupe lilikuwa kama 0.9, fuwele 6, taa 12. Kazi ya tonmapingi ni kukandamiza vyote hivyo viingie kati ya 0 na 1 ili skrini iweze kuvionyesha. Fomula iliyotumika ilikuwa ile fupi ya Krzysztof Narkowicz ya 2016 inayoiga ACES, mfumo wa rangi wa watu wa filamu, utaikuta kwenye magemu kibao. Nikaingiza namba mwenyewe: 0.9 inatoka 0.78, 6 inatoka 0.99, na 12 inavuka 1 kidogo kwa hiyo inakatwa. Yaani taa yenye mwanga mara mbili ya fuwele imekuwa sawa nayo, na joho limewasogelea kabisa. Halafu ndo unaileta blumu hapo uiambie ichague nani awake! Kizingiti, yaani mwanga ambao kitu lazima kiuvuke ndo blumu ikiwashe, walikuwa wameweka 0.75, joho likapita, na wakikipandisha kilichobaki cha kusambaza kwenye fuwele ni kiduchu mno.

Kwa hiyo nikaitoa blumu kule nyuma nikaiweka mbele ya tonmapingi, kwenye bafa ya HDR, kizingiti 1.2. Joho halifiki hapo, fuwele na taa zinapita kwa mbali, na taa inawaka kuliko fuwele bila mtu kugusa kitu. Mtawa akazimika papo hapo.

Lakini hiyo ilileta kitu ambacho hakikuwepo: kwenye maji ya pango kukaanza kutokea vidoti vya mwanga vinavyopepesa kila kamera ikisogea. Ile mimeto ya juu ya maji ilikuwa pikseli mojamoja zenye namba kama 200, zamani tonmapingi ilikuwa inazificha, sasa blumu inaziona zilivyo na pikseli moja inageuka duara zima la mwanga. Nikaikata picha isizidi 20, lakini kwa ile nakala inayoingia kwenye blumu tu, na kwenye hatua ya kwanza ya kuipunguza ukubwa nikaipa kila sampuli uzito wa `1/(1+luma)`, luma ni mwangaza wake, ili pikseli moja kali isiwameze jirani zake. Kupepesa kukaisha, sio kwa asilimia mia ila hutakuona mpaka ukutafute.

Nikamtumia dada picha. "Mtawa safi. Limau bado."

Hapo ndo penyewe, kwa sababu mpangilio ulikuwa tayari sawa na rangi bado imeharibika. Fuwele ilikuwa (6, 1.5, 0.1), yaani nyekundu ni mara nne ya kijani, na uwiano huo ndo unaifanya iwe chungwa. Ile fomula inafanya kazi kwa kila chaneli peke yake. 6 inakuwa 0.99, 1.5 inakuwa 0.88, 0.1 inakuwa 0.13. Nyekundu imegonga dari, kijani kimeifuata hukohuko juu, mara nne imebaki tofauti ya kiduchu, na nyekundu na kijani zikikaribiana hivyo jicho linaona njano. Kwa gemu linaloiga picha ya kamera watu wengi wanaipenda tabia hiyo maana moto unaonekana moto, ila kwa gemu ambalo mchoraji kachagua rangi moja moja ni kumpora kazi yake. Isitoshe nyeupe kamili ya 1 ilikuwa inatoka 0.80, na ikishageuzwa kuwa sRGB, namba za rangi za skrini za kawaida, ni kama 232 kati ya 255, ndo maana gemu zima lilikuwa na uvumbivumbi ambao hakuna aliyeweza kuutaja.

Nikaandika nyingine inayoangalia chaneli kubwa kuliko zote, inakandamiza hiyo, halafu zote tatu zinapunguzwa kwa kiasi kilekile:

```
float m = max(c.r, max(c.g, c.b));
float n = m < 0.76 ? m : 1.0 - 0.0576 / (m - 0.52);
c *= n / max(m, 1e-4);
```

Chini ya 0.76 haigusi kitu, rangi ya mchoraji inapita kama alivyoipaka. Fuwele ikatoka (0.99, 0.25, 0.02), chungwa kweli. Ubaya wake nao ukaonekana hapohapo: katikati ya taa pakawa bapa kama karatasi iliyopakwa rangi, hamna joto, kwa sababu kitu chenye mwanga 3 na chenye 12 sasa vinafanana. Nikarudisha weupe kidogo unaoongezeka kadiri `m` inavyopanda, na dada ndo akawa anasogeza kitelezi, mi nilitaka zaidi yeye akataka kidogo, tukaacha chake.

Ikabaki LUT, lile jedwali linalobadilisha kila rangi kuwa nyingine, na hapa kulikuwa na ubishi. Mwenzetu mmoja alitaka gredingi yote, yaani kurekebisha mwonekano wa rangi, iende kabla ya tonmapingi kwa kuwa injini kadhaa zinafanya hivyo. Ni kweli, lakini hizo zinaibana HDR kwa logariti kwanza. LUT ya dada ilikuwa mchemraba wa 32 aliouchora juu ya skrinshoti, na skrinshoti ni picha iliyokwisha tonmapingi na sRGB, haijui kitu chochote kinachozidi 1. Tukaijaribu mbele kama alivyotaka: fuwele na taa zote zikagonga ukingo wa mchemraba zikawa rangi moja. Ikarudi nyuma. Mbele tukaacha vitelezi vya ukali wa mwanga na joto la rangi tu, maana hivyo ni kuzidisha namba na havihitaji dari.

```
Scene (HDR) -> Bloom -> Exposure/WB -> Tonemap -> sRGB -> LUT -> Dither -> UI
```

LUT ya zamani ilibidi itupwe, ilikuwa imechorwa ili kurekebisha limau na ule uvumbi, kwa hiyo juu ya picha mpya ilitia kila kitu bluu. Nikapitisha kwanza mchemraba usiobadilisha chochote, nikahakikisha picha inatoka vilevile, ndo nikampa dada skrinshoti mpya zilizopigwa LUT imezimwa na UI imefichwa. Alichorudisha kilikuwa chepesi mno, kasogeza vivuli kidogo kuelekea zambarau basi. Ile `Dither` tuliiongeza mwishoni kwa ajili ya anga la nje ya pango ambalo lilikuwa linatoa mistari mistari, kelele ya kama 1/255 tu, ikaenda baada ya LUT kwa sababu ukiiweka kabla LUT inaweza kuikuza ikaonekana.